Jiwe hugeuka chokaa kwa joto gani?

Wachoma chokaa wa pwani hurundika matumbawe juu ya magogo na kuwasha moto mkali. Mkali kiasi gani? Kila moli ya kalsiamu kaboneti humeza kilojuli 178 ili ivunjike, na hewa ya kaboni inayotoka huongeza mtawanyiko, yaani entropia, kwa juli 160 kwa kelvini. Mmenyuko huanza kujiendea pale joto likizidishwa kwa entropia linapolingana na nishati iliyomezwa. Basi gawanya: 178,000 kwa 160 ni kelvini 1,113, takriban nyuzi 840 za Selsiasi. Ukisahau kugeuza kilojuli kuwa juli utapata kelvini moja, baridi isiyo na mfano! Upepo ukiondoa hewa hiyo, jiwe huvunjika hata chini ya hapo.