Sonona baada ya kujifungua (2): Mtoto anapoongea na mama asimjibu

Katika sehemu ya kwanza tulitenganisha majonzi mafupi yanayowapata wazazi wengi kuanzia siku ya tatu hivi, yakaisha ndani ya wiki mbili, na sonona yenyewe, ambayo haiondoki kwa kulala wala kwa kuambiwa "jikaze". Leo tunaingia kwenye jambo ambalo kliniki zetu hulipita bila kuliona. Sonona ya mzazi haikai ndani ya mama peke yake. Inakaa pia kati yake na mtoto, na hapo kati panahitaji kushughulikiwa kwa namna yake.

Tuanze na mtoto mwenyewe, maana wengi humdharau. Kichanga huona vizuri zaidi kitu kilicho umbali wa sentimita 20 hadi 30, na huo ndio umbali wa uso wa mama kutoka kwenye titi. Sauti ya mama aliizoea tangu tumboni. Kufikia wiki ya sita au ya nane anatabasamu kwa kumtazama mtu, na ukimsemesha kisha ukanyamaza, anachezesha midomo, anatoa sauti ndogo, anarusha mikono. Huo ni upande wake wa mazungumzo. Asipojibiwa, anajua.

Mwanasaikolojia Edward Tronick wa Marekani alilionyesha hili kwa jaribio alilolichapisha mwaka 1978. Mama alicheza na mtoto wake wa miezi michache kwa kawaida, kisha akaombwa amtazame kwa uso mkavu kwa dakika chache, bila kutabasamu wala kusema. Mtoto hukunja uso kwa kushangaa, kisha hujaribu kumrudisha mama kwa tabasamu na sauti. Asipofaulu, hugeuza kichwa, mwili unalegea, wengine hulia. Na hao walikuwa mama wazima, kwa dakika chache tu. Mtoto wa mama mwenye sonona anaweza kukutana na uso huo asubuhi hadi jioni, kwa wiki nyingi, na baada ya muda baadhi yao huacha kujaribu. Ukimwona mtoto wa miezi mitatu aliyenyonya vizuri, hana homa, lakini hakutazami na hasumbui, usikimbilie kumsifu kwamba ni mpole.

Hapa ni lazima niseme jambo kwa ajili ya mama wanaosoma makala hii huku moyo ukiwadunda. Hata mama mwenye afya njema hapatani na mtoto wake kila sekunde. Uchunguzi mwingine wa Tronick na wenzake uliona kwamba sehemu kubwa ya muda wa mchezo mama na mtoto wanapishana: mmoja anatazama, mwingine yuko mbali. Kinachomjenga mtoto ni kurudiana baada ya kupishana. Sonona inaharibu kule kurudiana, na kurudiana kunaweza kufundishwa upya.

Wengi watasema: basi tumtibu mama, mtoto atafuata. Inaonekana sawa, lakini haitoshi. Marekani, wanawake 120 waliougua sonona baada ya kujifungua waligawanywa. Wengine wakapewa tiba ya mazungumzo ya wiki 12, wengine wakasubiri. Tiba ilifanya kazi, mama walipata nafuu. Hata hivyo, kwa mujibu wa matokeo yaliyotoka mwaka 2007, mtoto alipofikia mwaka mmoja na nusu, mama waliotibiwa bado walimwona kuwa mgumu na asiye karibu nao kuliko mama ambao hawakuwahi kuugua. Huzuni imeondoka, mazoea yaliyozaliwa wakati wa huzuni yamebaki.

Ndiyo maana napenda kuwaeleza wasomaji habari ya Khayelitsha, kitongoji kikubwa cha watu maskini pembeni mwa Cape Town, Afrika Kusini. Watafiti Peter Cooper, Lynne Murray, Mark Tomlinson na wenzao walikuta huko, katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 1999, kwamba zaidi ya theluthi ya mama walikuwa na sonona miezi miwili baada ya kujifungua. Madaktari wa akili wa kuwatosha hawakuwapo. Wakachagua wanawake wa hapohapo, wasio na taaluma ya afya, ila wenyewe ni mama, wakawafundisha. Wajawazito 449 waligawanywa kwa kura katika makundi mawili. Kundi moja lilitembelewa nyumbani mara 16: mara mbili kabla ya kujifungua, kila wiki kwa wiki nane za mwanzo, kisha kila wiki mbili kwa miezi miwili, na mwisho mara moja kwa mwezi hadi mtoto anakaribia miezi sita. Kila ziara ilichukua kama saa moja.

Mwanamke huyo aliyefundishwa, mgeni wa nyumbani, alifanya nini katika saa hiyo? Sehemu moja alimsikiliza mama. Sehemu nyingine, na ndiyo kiini cha mpango wote, alimwonyesha mama mambo ambayo mtoto wake mwenyewe anaweza kufanya. Mama mwenye sonona humwona mtoto kama kazi isiyokwisha, au kama hakimu. Nichukue mfano niliouunda kutokana na hali zinazojirudia: mama wa miaka 23, uzazi wa kwanza, mtoto ana wiki saba. Ananyonyesha huku akitazama ukuta. Anamwambia mgeni, "Huyu mtoto hanipendi. Nikimshika anageuka." Mgeni asiyefundishwa atajibu, "Usiseme hivyo, mtoto ni zawadi," na mama hatafungua tena mdomo.

Aliyefundishwa anasubiri saa ya mtoto: amenyonya, nepi ni kavu, macho yamefunguka, hana usingizi. Hamchukui mtoto ili amwonyeshe mama jinsi ya kucheza, kwa sababu mtoto akimtabasamia mgeni, mama anapata ushahidi mwingine kwamba yeye hafai. Mtoto anabaki mapajani mwa mama, uso kwa uso, kiasi cha shubiri moja na nusu. Mgeni anasema, "Mwite jina lake, mwanangu, halafu nyamaza kidogo." Mama anaita kwa sauti ya chini. Hakuna kitu. "Ngoja, usiharakishe." Sekunde tano, sita, midomo ya mtoto inacheza. "Umeona? Anakujibu." Mama anaiga ule mdomo. Mtoto anafungua macho zaidi, anatoa sauti, kisha anageuza kichwa. Hapo mama anavunjika moyo: "Si nilikwambia?" Mgeni ana jibu: mtoto wa umri huu huchoka haraka kutazama uso, anageuka ili apumzike. Usimfuate, usimgeuze kidevu. Baki hapo ulipo. Na mtoto anarudi mwenyewe.

Kilichotendeka ni kidogo, dakika nne au tano. Lakini kitendo ambacho mama alikisoma kama chuki amekisoma upya kama uchovu, na ameona kwa macho yake kwamba mtoto alimrudia yeye. Mazoezi ya wiki nzima ni hayohayo: mara mbili tatu kwa siku mtoto akiwa macho, kuita, kunyamaza, kungoja, kuiga, kuacha akigeuka. Hatakiwi kujilazimisha kuchangamka. Siku ambayo uso umegoma, sauti inatosha, au mkono; amlaze mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, au amkande kwa mafuta akianzia miguuni, huku akitazama kama anatulia au anajikunja na kulia.

Kuna mama ambao sonona yao haiwanyamazishi bali inawapa haraka. Huyu anamtekenya mtoto, anamtikisia kichezeo usoni, anamvuta kidevu amtazame, na mtoto akizidi kugeuka yeye anazidi kumfuata. Kwake somo ni kungoja tu. Mwambie ahesabu taratibu hadi kumi kabla ya kugusa tena.

Mgeni atajuaje kwamba kazi inaenda? Mimi ningesikiliza maneno ya mama kuliko kuangalia tabasamu lake. Mwanzoni anasema "mtoto analia tu". Siku anaposema "huyu anapenda kutazama mwanga wa dirishani, na ukimsemesha wakati ananyonya anaacha titi", ameanza kumwona mtoto huyu, si mzigo.

Huko Khayelitsha matokeo yalipimwa kwa makini na kuchapishwa mwaka 2009. Katika miezi sita na kumi na miwili, mama waliotembelewa waliitikia zaidi ishara za watoto wao na hawakuwavamia sana. Mtoto alipofikia miezi 18 alipimwa namna anavyompokea mama baada ya kuachwa chumbani kwa muda mfupi: je, anamkimbilia na kutulia, au anamkwepa? Waliokuwa na imani thabiti kwa mama zao walikuwa asilimia 74 katika kundi lililotembelewa, na asilimia 63 katika kundi jingine. Kwa upande wa sonona yenyewe, dalili zilipungua katika miezi sita, lakini idadi ya mama wenye ugonjwa kamili haikutofautiana kwa kiasi cha kuthibitika. Na watoto hao walipofuatiliwa hadi miaka 13, ukuaji wao wa akili haukuonyesha tofauti. Ziara za miezi sita hazishindi miaka mingi ya umaskini unaofuata.

Kwetu Tanzania nafasi ipo tayari. Mama anamleta mtoto kliniki kwa chanjo wiki ya 6, ya 10 na ya 14, wakati uleule mazungumzo haya yanapochanua. Nesi anayepima uzito anaweza kutazama kwa nusu dakika: wanatazamana? Anaweza kutumia kipimo cha Edinburgh cha mwaka 1987, maswali kumi kuhusu siku saba zilizopita, ambacho hakihitaji daktari. Na nyumbani tuna desturi ya kumlea mzazi, yenye kheri kubwa, ila ina mtego wake. Bibi akiona mama amelegea humchukua mtoto mchana kutwa, na kumrudisha kunyonya tu. Mama anapumzika, lakini anakosa zile dakika chache ambazo mtoto yuko macho. Afadhali bibi achukue jiko, maji na nguo, naye mtoto akiamka ampeleke kwa mama na kukaa pembeni. Mama akisema "mchukueni, siwezi", achukuliwe mara moja bila lawama.

Mazoezi haya hayachukui nafasi ya matibabu. Mama anayewaza kujiua, au anayeogopa kwamba atamdhuru mtoto, asiachwe peke yake na afikishwe hospitali siku hiyohiyo. Ndivyo pia kwa mama ambaye, mara nyingi ndani ya wiki mbili za mwanzo, halali kabisa, anasikia sauti wasizosikia wengine, au anaamini mtoto si wake au ana pepo. Huo si wakati wa kumkalisha uso kwa uso na mtoto, wala wa kumzungusha kwa waganga.

Wiki ijayo: dawa za sonona kwa mama anayenyonyesha, na kwa nini kuziacha ghafla ni hatari.