Tarakimu 48: Kwa nini laptopu inadai ufunguo baada ya apdeti?

Jumapili moja jioni rafiki yangu mmoja wa shahada ya uzamili, tunayeishi naye jirani hapa Tengeru, alinigongea mlango akiwa ameikumbatia laptopu yake. Skrini ilikuwa ya bluu, ina neno BitLocker juu, na chini yake sentensi moja: *Enter the recovery key for this drive*. Ndani ya mashine hiyo kulikuwa na vipimo vya floraidi vya miezi saba, kutoka chemchemi na visima vya upande wa Ngarenanyuki, chini ya Mlima Meru. Nakala nyingine hakuwa nayo.

"Sijaibiwa, sijabadilisha nywila, sijafanya chochote," aliniambia. "Nime-apdeti BIOS tu."

Hiyo "tu" ndiyo habari yenyewe. Hebu tuone kilichotokea.

Nani hufungua diski kila asubuhi?

Laptopu nyingi za Windows za miaka ya karibuni huwa zimefungwa diski bila mwenyewe kujua. Kila kitu kilichoandikwa humo kimegeuzwa kuwa vurugu ya herufi zisizosomeka, na kinasomeka tena kwa ufunguo maalumu tu. Nywila yako ya kuingilia siyo ufunguo huo. Ufunguo unatunzwa na chipu ndogo kwenye ubao mama, inayoitwa TPM.

Mfikirie mlinzi wa getini ambaye hamwangalii mtu usoni, anaangalia nyayo. Ukiwasha mashine, kila hatua ya uwashaji hupimwa kabla ya kuendeshwa, na kipimo hupelekwa kwenye rejista za TPM. Rejista hazifutwi na kuandikwa upya. Kila kipimo kipya huchanganywa na kilichokuwepo, hivi:

```
mpya = SHA256(ya_zamani + kipimo)
```

Kwa hiyo kikibadilika kitu kidogo tu njiani, namba ya mwisho inakuwa tofauti kabisa. Siku diski ilipofungwa, TPM iliambiwa: toa ufunguo pale tu rejista zitakapokuwa na namba hizi hizi. Kwenye mashine nyingi rejista muhimu ni namba 7, inayobeba hali ya Secure Boot: imewashwa au imezimwa, na orodha ya saini za programu zinazoaminika kuiwasha mashine.

Sasa, apdeti ya BIOS inaweza kuja na orodha mpya ya saini, au kurudisha mipangilio ya kiwandani. Kwa TPM hakuna tofauti kati ya apdeti halali na mwizi aliyechezea mashine. Nyayo siyo zile, basi ufunguo hautoki. Chipu haijaharibika, na data haijaguswa. Mlinzi amefanya kazi yake.

Mbona apdeti nyingine hazileti shida?

Kwa sababu kwa kawaida apdeti ya BIOS ikija kupitia Windows yenyewe, ulinzi husimamishwa kwa muda kabla ya kuwasha upya, kisha TPM hujifunza namba mpya. Rafiki yangu alipakua faili, akaliweka kwenye flashi, akaliendesha moja kwa moja kutoka menyu ya BIOS. Windows haikupata nafasi ya kujiandaa. Angetangulia na amri hii, kwenye dirisha la amri lililofunguliwa kama msimamizi, pengine tusingekutana jioni ile:

```
manage-bde -protectors -disable C: -RebootCount 1
```

Maana yake: simamisha ulinzi kwa kuwasha upya mara moja tu, halafu ujirudishe wenyewe.

Lakini usidhani ukifuata utaratibu uko salama moja kwa moja. Apdeti ya usalama ya Windows ya tarehe 9 Julai 2024 ilifanya baadhi ya kompyuta ziwake kwenye skrini hiyo hiyo ya bluu bila mtumiaji kugusa BIOS. Microsoft walikiri tatizo, na marekebisho yakaja na apdeti za tarehe 13 Agosti. Aliyekuwa na ufunguo wake alipoteza dakika kadhaa. Asiyekuwa nao alikuwa na kazi.

Mlango wa pili

Ufunguo wa diski umefungwa mara mbili, kila upande peke yake. Nakala moja iko chini ya TPM. Nyingine imefungwa kwa namba ya tarakimu 48, na hiyo ndiyo inayodaiwa kwenye skrini. Imegawanywa makundi manane ya tarakimu sita, na kila kundi lazima ligawanyike kwa 11. Chukua 135795: ni 11 mara 12345, linapita. Ukikosea ukaandika 135796, haligawanyiki, na mashine itakukatalia kundi hilo hapo hapo. Kwa hiyo ukinakili kwa mkono, kosa la tarakimu moja litajulikana mapema.

Kubahatisha sahau. Idadi ya funguo zinazowezekana ni namba yenye tarakimu 39. Kutoa diski na kuichomeka kwenye kompyuta nyingine hakusaidii, maana TPM inabaki kwenye ubao wa zamani. Na fundi akikwambia "tupige Windows upya", mashine itawaka vizuri sana, ila vipimo vya miezi saba havitarudi.

Ufunguo ulikuwa wapi?

Namba hii huhifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya msimamizi wa kwanza aliyeingia kwenye mashine. Rafiki yangu aliingia `aka.ms/myrecoverykey` kwa simu. Hakuna kitu.

Hapo nikamuuliza alinunua wapi. Mjini, used, dukani kwa fundi. Nani aliiwasha mara ya kwanza? Fundi. Kwa akaunti ya nani? Kimya.

Kesho yake tukapanda daladala. "Kaka, samahani, ulipoiandaa hii mashine uliingia kwa akaunti yako?" Fundi akacheka kidogo, akafungua ukurasa ule ule kwenye simu yake. Zilikuwepo funguo nyingi, za laptopu alizowauzia watu mbalimbali. Skrini ya bluu huonyesha *Recovery key ID*. Tukalinganisha herufi nane za mwanzo, tukapata mstari unaofanana, tukaandika tarakimu 48. Ikawaka. TPM ikajifunza namba mpya, na haijauliza tena.

Angekuwa amehama, amepoteza simu au amefuta akaunti, hadithi ingeishia hapo. Na ufikirie upande wa pili: mtu baki alikuwa na ufunguo wa diski yake muda wote huo.

Angalia yako leo, ikiwa bado inawaka

Fungua dirisha la amri kama msimamizi, uandike:

```
manage-bde -protectors -get C:
```

Ukiona *Numerical Password*, chini yake kuna kitambulisho na zile tarakimu 48. Zinakili kwenye karatasi, na karatasi usiiweke kwenye mkoba wa laptopu hiyo hiyo. Kama unaingia kwa akaunti ya chuo, huenda ufunguo uko kwa ofisi ya TEHAMA. Waulize kabla hujamaliza masomo, maana akaunti hizo hufungwa. Na kama mashine ni ya mkononi kama ya rafiki yangu, zima usimbaji kwenye mipangilio, subiri diski ifunguke yote, ingia kwa akaunti yako, kisha uuwashe tena. Ufunguo mpya utazaliwa, na ule wa fundi hautafungua kitu.

Rafiki yangu alifanya hivyo jioni ile ile. Tarakimu zake sasa ziko nyuma ya daftari la maabara. Na vipimo vya Ngarenanyuki viko kwenye flashi mbili.