Drapu na mayo: moto wa maji unabadilisha nini kweli?

Mwezi uliopita tulipita kwa mama mmoja wa Kamalondo, hapa Lubumbashi, mwenye kufula nguo za watu kwa mashini. Katikati ya juma anapokea drapu za nyumba moja ya wageni. Jumapili jioni anapokea mayo za timu ya mpira ya kata. Juma moja kuranti ilikosekana siku mbili mfululizo. Iliporudi usiku, mama akaogopa isiende tena, akaingiza vyote pamoja: drapu sita za pamba na mayo kumi na nne. Akaweka programu ya koton, digri 60, akaenda kulala.

Asubuhi drapu zilikuwa safi kabisa. Lakini mayo zilijaa mikunjo, na namba za mgongoni zilianza kubanduka. Kibaya zaidi, mchezaji akikimbia dakika kumi tu, ile harufu ya zamani inarudi. Timu ikakataa kulipa. Juma lililofuata mama akaogopa moto, akafula kila kitu kwa digri 30, programu ya haraka. Safari hii ni nyumba ya wageni ndiyo iliyomrudishia foronya nne zenye alama ya manjano mahali kichwa kinapolala.

«Mi nilikuwa nawaza asema moto njo inatosha buchafu,» alituambia. «Kama inatosha mu drapu, juu ya nini isitoshe mu mayo?»

Swali lake ni zuri, na jibu lake linaweza kumwokolea mtu feza. Tuanze na moto wenyewe.

Kufula kunategemea vitu vinne vinavyosaidiana: sabuni, mwendo wa kusugua, wakati, na moto wa maji. Mkemia Mjerumani Herbert Sinner, wa kampuni ya Henkel, ndiye aliyeueleza mpango huo, mwaka 1959. Maana yake ni hii: ukipunguza kimoja, lazima uongeze kingine. Mwenye kufula kwa maji ya baridi anaweza kupata nguo safi, lakini atatumia wakati mrefu zaidi, ao atasugua zaidi. Mama wetu alipoweka digri 30 na programu ya haraka, alipunguza moto na wakati pamoja. Ndiyo maana foronya zilibaki na mafuta ya vichwa vya watu.

Moto wenyewe unafanya kazi tatu. Ya kwanza ni kulainisha mafuta. Mafuta ya ngozi yetu yako kama ya kupikia: kwenye baridi yanaganda na kushikilia, kwenye moto yanalegea na sabuni inayabeba. Tofauti inaonekana vizuri kutoka digri 40 kwenda juu.

Kazi ya pili ni kuamsha sabuni. Sabuni nyingi za unga za nguo nyeupe zina dawa ya kung'arisha inayotoa oksijeni. Dawa hiyo inafanya kazi vizuri karibu na digri 60, na chini ya 40 inafanya kidogo tu. Sabuni ya maji kwa kawaida haina dawa hiyo. Katika sabuni nyingi mna pia vimeng'enya, vile vinavyokatakata madoa ya jasho na ya chakula. Hivyo vinapenda maji ya vuguvugu, na maji yanayochemka yanaviharibu. Kwa hiyo mwenye kumwaga maji ya kuchemka moja kwa moja juu ya sabuni ya unga anapoteza sehemu ya alichonunua.

Kazi ya tatu ni kuua. Wadudu wadogo wa kitanda, wale wasioonekana kwa macho na wanaoletea watu mafua na pumu, wanakufa kuanzia digri 55 hivi. Kwa digri 30 wengi wanabaki wazima, hata kama maji yanaondoa uchafu wao. Na vijidudu vya magonjwa pia vinapungua sana kwa 60. Kwa 40, sabuni na maji ya kusuuza vinaviondoa kwa sehemu, lakini haviuawi vyote.

Sasa tuangalie nguo. Pamba ni uzi wa mmea. Inakunywa maji, inavimba, na ikilowa inakuwa na nguvu kuliko ikiwa kavu. Ndiyo sababu drapu ya pamba inavumilia moto, mwendo mkali na kukamuliwa kwa nguvu, mizunguko 1000 ao 1200 kwa dakika. Kwa drapu nyeupe tulipanga na mama digri 60, programu ndefu ya koton, sabuni ya unga. Drapu za rangi zinakwenda kwa 40 kila juma, na kwa 60 kama kuna mgonjwa nyumbani ao mwenye pumu, mradi kibandiko cha nguo kinaruhusu. Kama kuna damu, tunailoweka kwanza katika maji ya baridi, kwani moto unaikaanga damu ndani ya uzi kama yai kwenye sufuria, na kisha haitoki tena.

Tahadhari moja: drapu nyingi za soko zinaitwa koton lakini zimechanganywa na poliesta. Kama hakuna kibandiko, chomoa uzi kwenye pindo, uushike kwa kibano, uuchome. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Poliesta inayeyuka na kuacha kitone kigumu cheusi. Ukiona vyote viwili, ni mchanganyiko: usipite digri 40.

Mayo yenyewe ni poliesta tupu, mara nyingine na uzi wa kuvutika ndani yake. Poliesta ni plastiki iliyovutwa kuwa uzi. Haikunywi maji, lakini inapenda mafuta. Jasho la maji linakauka upesi, na ndiyo sababu wachezaji wanaipenda. Lakini mafuta ya ngozi yanabaki yamenata. Mwaka 2014 watafiti wa chuo kikuu cha Ghent, Ubelgiji, walichunguza mashati ya watu 26 waliotoka kuendesha baiskeli za mazoezi kwa nguvu. Mashati ya poliesta yalinuka vibaya kuliko ya pamba, na bakteria iitwayo mikrokoki, inayotengeneza harufu, iliongezeka juu ya poliesta. Kumbe shida ya mayo ni chakula cha bakteria kilichoganda juu ya uzi.

Mtu atasema: basi 60 ingefaa zaidi! Kwa bakteria, ndiyo. Kwa mayo, hapana. Kwenye moto huo poliesta inalegea, na ikikamuliwa kwa nguvu ingali moto, mikunjo inabaki. Uzi wa kuvutika unachoka, na gundi ya namba inaachia. Tena ile ngoma ilikuwa imejaa: drapu zilizolowa zilizibana mayo, maji na sabuni havikupita vizuri. Ndiyo maana zilitoka na harufu, hata baada ya digri 60.

Kwa hiyo kwenye mayo tunaongeza wakati mahali pa moto. Zisilale usiku katika mfuko. Tunazigeuza ndani nje, tunaziloweka karibu saa moja katika maji ya vuguvugu yenye sabuni, kisha programu ya sintetik, digri 40 kama kibandiko kinaruhusu, 30 kama hakiruhusu. Ngoma isipite nusu. Kukamua kusipite mizunguko 800. Na tusitie dawa ya kulainisha nguo: inapaka uzi utando wa mafuta, na utando huo unafunga harufu ndani. Wengi wanaiongeza juu ya harufu, na ndiyo inayoikaza.

Inabaki kuranti. Mashini ya kilo saba inapasha moto maji ya lita 15 hivi. Maji ya kusuuza yanabaki baridi. Kutoa lita hizo kwenye digri 22 za bomba letu hadi 60 kunakula karibu kilowati-saa 0.66. Hadi 40 ni 0.31 tu, chini ya nusu. Mota yenyewe inakula kidogo kuliko moto huo wa 60. Mwenye kulipia kuranti mbele anaweza kuhesabu mwenyewe.

Na kuranti ikiwa dhaifu? Chuma cha kupasha cha wati 2000 kinafikisha 60 kwa dakika 20 hivi kama kuna volti 220. Zikishuka hadi 160, nguvu yake inakuwa nusu tu, na inataka karibu dakika 40. Kuna mashini zinazongoja maji yafike. Nyingine zikichoka kungoja zinaendelea na maji ya vuguvugu, huku kitufe bado kinasema 60. Gusa kioo cha mlango katikati ya kufula: kama mkono unakaa bila shida, hauko kwenye 60.

Asiye na mashini anaweza kupata digri hizo kwa ndoo. Lubumbashi iko juu, karibu mita 1200, na maji yanachemka kwenye digri 96 hivi. Ndoo moja ya kuchemka na moja ya bomba inakupa karibu 59. Ndoo moja ya kuchemka na tatu za bomba inakupa karibu 40. Changanya maji kwanza, kisha sabuni, kisha nguo. Beseni na nguo zitakula digri chache, kwa hiyo fanya upesi, na kwa yale ya 60 tumia mti wa kukorogea, si mikono.

Kuna jambo moja ambalo moto wa maji haubadilishi hata kidogo: yule inzi anayetaga mayai kwenye nguo zinazokaushwa, ambaye funza wake anaingia katika ngozi. Anakuja nyuma ya kufula. Drapu tunazipiga pasi ya moto pande zote mbili. Mayo haivumilii pasi hiyo. Tunaianika ndani, mahali penye chandarua, kamwe si kwenye majani wala chini.

Sasa mama amegawanya juma lake. Kuranti ikirudi usiku, anaanza na mayo, kwani zinataka moto kidogo na wakati mfupi. Hata kuranti ikikatika katikati, hapotezi mengi. Drapu zinangoja usiku ambao kuranti iko na nguvu. Timu imerudi na mayo mpya. Zile za zamani, namba ziliisha kubanduka, na mama anazilipa kidogo kidogo.