Je, Wajua? Tansio kwa mwenye pumu, na kidonge kinachofunga pumzi

JE, WAJUA kwamba kidonge kinachomshushia jirani yako tansio vizuri kabisa kinaweza kukupeleka wewe kwenye oksijeni usiku uleule? Kinaitwa propranololi. Ni dawa ya zamani, ya bei nafuu, na wengi wenye kifua kizima huivumilia vizuri. Kwa mwenye pumu ni hatari, na hatari hiyo haingoji utumie dozi kubwa wala utumie kwa miezi. Kidonge kimoja kinatosha.

JE, WAJUA dawa hiyo ilitokea wapi? Iliundwa na daktari Mskoti, James Black, mwanzoni mwa miaka ya 1960, akitafuta namna ya kuupunguzia kazi moyo wa watu wenye maumivu ya kifua. Alifanikiwa hata akapewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1988. Lakini mapema sana madaktari waliona kwamba wagonjwa wenye pumu walikuwa wanabanwa baada ya kuimeza. Onyo hilo lina umri wa zaidi ya nusu karne, na bado mtu anatoka dukani na dawa bila kuulizwa habari ya kifua chake.

JE, WAJUA kwa nini inabana? Adrenalini ya mwili inafanya kazi mahali pengi. Kwenye moyo inagusa vipokezi vinavyoitwa beta-1, na moyo unakimbia. Kwenye njia za hewa inagusa beta-2, na misuli ya njia hizo inalegea, hewa inapita. Propranololi haichagui, inafunga vyote viwili. Moyo unatulia na tansio inashuka, lakini njia za hewa zinabaki bila kitu cha kuzilegeza. Hapo ndipo pabaya zaidi, kwa sababu pompi ya salbutamoli unayoitegemea inafanya kazi kupitia beta-2 hizohizo. Ni kama mtu aliyemimina gundi kwenye tundu la kufuli: ufunguo unao mkononi, ila hauingii.

Tuchukue mfano. Mama wa miaka 52 anauza samaki wa Ziwa Albati kwenye soko kuu la Bunia. Ana pumu tangu usichana. Wiki hii kifua kimemsumbua, na kwa kuwa pompi imeisha amekuwa akimeza vidonge vya salbutamoli, miligramu 4, mara tatu kwa siku. Mikono inatetemeka, moyo unapiga mbio. Anaingia mahali pa kupimiwa, mashine inasoma 168 kwa 102, mapigo 112.

“Mama, uko na ugonjwa mwingine?”

“Hapana, iko hii tansio tu.”

Hajadanganya. Pumu kwake si ugonjwa, ni hali aliyokua nayo. Mpimaji anaona tansio juu, moyo mbio, mikono inatetemeka, na propranololi inatibu yote matatu kwa mpigo. Anampa ya miligramu 40, asubuhi na jioni. Saa mbili baada ya kidonge cha jioni kifua kinaanza kupiga filimbi. Anaazima pompi ya mtoto wa jirani, anavuta mara mbili, mara nne, mara nane. Hakuna kitu.

Makosa yako wapi? La kwanza, kutetemeka na mbio za moyo vilitoka kwenye vidonge vya salbutamoli. Dawa hiyo ikimezwa inazunguka mwili mzima, ikivutwa inakwenda kifuani kwa kiasi kidogo sana. La pili, tansio ilipimwa siku ambayo kifua kinabana. Mtu anayetafuta hewa, tansio yake hupanda yenyewe. Kifua kikitulia, akae dakika tano bila kuongea, apimwe mara mbili, na apimwe tena siku nyingine. Ikibaki 140 kwa 90 au zaidi, hapo kuna shinikizo la damu la kutibu. La tatu ni lile swali. Angeulizwa, “Mama, usiku unapiga filimbi kifuani? Unatumia pompi?” angejibu ndiyo mara moja.

JE, WAJUA dalili inayotofautisha hali hii na shambulio la kawaida? Ni pompi ambayo jana ilisaidia na leo haisaidii, kwa mtu aliyeanza dawa mpya. Mtu huyo asikae nyumbani kungoja asubuhi. Apelekwe hospitali, na kisanduku cha dawa kiende naye. Huko atawekewa oksijeni na dawa za kupunguza uvimbe wa njia za hewa, na salbutamoli ya mvuke pamoja na ipratropiamu. Hii ya mwisho inalegeza njia za hewa kwa mlango mwingine usiohusika na beta kabisa, ndiyo maana daktari anahitaji kujua ni nini ulichomeza.

JE, WAJUA unaweza kuitambua familia ya propranololi kwa kusoma mwisho wa jina? Kwenye kisanduku majina yake huishia na herufi tatu: lol. Propranololi, atenololi, metoprololi, bisoprololi, karvediloli na labetaloli, kwenye kisanduku yote yanaishia hivyo. Soma polepole, kwa maana salbutamoli na parasetamoli zinaishia na mol, nazo ni watu wa ukoo mwingine. Na usidhani propranololi hupewa wenye tansio peke yao. Hupewa pia wenye kichwa cha kipandauso, wanaotetemeka mikono, na wenye tezi ya shingo iliyozidi kufanya kazi. Swali la pumu linawahusu wote hao.

JE, WAJUA kwamba ndugu wa ukoo huo hawalingani? Bisoprololi, metoprololi na atenololi zinapendelea beta-1 za moyo na kuziacha za kifua kwa kiasi fulani. Kiasi fulani tu: dozi ikipanda, upendeleo unapungua. Karvediloli na labetaloli hazipendelei, ziko upande wa propranololi. Kwa mwenye pumu, jibu langu ni moja: kama ni tansio peke yake, hahitaji hata mmoja wao, kwa kuwa dawa nyingine zipo.

Kwa mwenye ugonjwa sugu wa mapafu mambo ni tofauti kidogo. Nawazungumzia akina mama waliopika miaka thelathini kwa kuni na makala ndani ya jiko lisilo na dirisha, wasiowahi kugusa sigara, na wavuta sigara wa siku nyingi. Wengi wao moyo pia umechoka. Moyo ukiwa umeshindwa kusukuma damu vizuri, bisoprololi inaongeza maisha, na daktari anaweza kuianza kwa dozi ndogo, miligramu 1.25, akifuatilia kifua. Kumnyima kwa sababu ya mapafu ni kosa la upande wa pili. Lakini asipewe kwa matumaini ya kusaidia mapafu yenyewe. Utafiti wa Marekani uliotoka mwaka 2019 uliwapa metoprololi wagonjwa wa mapafu wasio na sababu ya moyo, na haikupunguza mashambulio. Waliolazwa kwa mashambulio makali walikuwa wengi zaidi upande wa dawa.

Onyo moja kabla hujakimbilia kutupa vidonge: anayetumia dawa ya lol kila siku asiikate ghafla bila daktari. Moyo uliozoea kufungwa, ukifunguliwa ghafla, unaweza kupiga vibaya na tansio ikaruka. Kama kifua kimeshabana, hapo ni hospitali, na uamuzi ufanywe huko.

JE, WAJUA kwamba dawa iliyo salama kwa kifua ndiyo hiyohiyo inayotufaa zaidi? Amlodipini inalegeza mishipa ya damu na haigusi njia za hewa. Huanzwa kwa miligramu 5 mara moja kwa siku, na inaweza kufika 10. Mwaka 2019 ulitolewa utafiti uliofanywa katika nchi sita za Afrika, jirani yetu Uganda, na Kenya, zikiwemo, kwa watu weusi 728. Michanganyiko miwili yenye amlodipini iliushinda ule usiokuwa nayo. Miaka miwili baadaye Shirika la Afya Duniani lilitaja makundi matatu ya kuanzia matibabu: kundi la amlodipini, kundi la dawa za kukojosha kama haidroklorothiazidi, na kundi la prili na sartani. Kundi la lol halimo. Yule mama wa samaki angeondoka na pompi mpya, na amlodipini kama tansio ingebaki juu kifua kikitulia, na habari ingeishia hapo.

Amlodipini nayo ina lake: huvimbisha vifundo vya miguu. Kwa mgonjwa wa mapafu uvimbe huo unachanganya, kwa kuwa mapafu yakiharibika sana upande wa kulia wa moyo huchoka, na miguu huvimba pia. Uvimbe ulioanza wiki chache baada ya dawa, bila pumzi kuzidi kuwa fupi, mara nyingi ni wa dawa. Ukija pamoja na pumzi fupi au midomo kuwa ya bluu, usilaumu kidonge, nenda upimwe.

Za kukojosha zinafaa, ila zinatoa potasiamu mwilini, na salbutamoli nyingi pamoja na prednisoloni zinaishusha zaidi. Misuli ikilegea na moyo kurukaruka, daktari afikirie hilo.

JE, WAJUA kikohozi ambacho si pumu wala kifua kikuu? Kaptoprili, enalaprili na lisinoprili hukoholesha watu kati ya 5 na 20 katika kila 100. Ni kikohozi kikavu cha kuwasha koo, hakina makohozi, hakina filimbi. Njia za hewa hazijabana, kwa hiyo pompi haisaidii, na watu huongezewa dawa za pumu bure. Anayekohoa zaidi ya wiki mbili apimwe makohozi, hilo halina mjadala Ituri. Lakini kisanduku cha tansio kisomwe siku hiyohiyo. Dawa ikibadilishwa kuwa losartani, kikohozi huisha ndani ya wiki moja hadi nne, mara chache miezi mitatu. Midomo au ulimi ukivimba baada ya prili, ni hospitali mara moja na usiimeze tena maisha yako yote; jambo hilo huwapata watu weusi zaidi.

Mjamzito asipewe prili wala sartani. Kama ana pumu, asipewe labetaloli pia. Metildopa na nifedipini ya kutoka polepole zinamfaa.

JE, WAJUA tone la jicho linaweza kubana kifua? Timololi, dawa ya presha ya macho, ni ya ukoo uleule wa lol, na haichagui. Tone moja la asilimia 0.5 lina robo miligramu hivi. Linateremka kwa mfereji wa machozi hadi puani, linaingia kwenye damu bila kupita kwanza kwenye ini, na watu wenye pumu wameshafariki kwa ajili yake. Kwa daktari wa macho hakuna anayekupima kifua, kwa hiyo useme mwenyewe: “Dokta, mimi niko na pumu.” Latanoprosti ipo, na haimo katika ukoo huo.