Mshono Unaobeba Mzigo Mara Mbili

Kwa fundi wa matairi, pembeni ya mashine inayonguruma, kuna tangi la hewa lililolala juu ya magurudumu yake. Ni bati la chuma lililokunjwa likawa kama bomba pana, kisha likazibwa huku na huku kwa vifuniko vilivyobinuka mithili ya sufuria. Ukilichunguza utaona mishono ya kulehemu ya aina mbili. Miwili inazunguka pale vifuniko vinapokutana na mwili, na mmoja umenyooka kutoka upande mmoja hadi wa pili. Hewa ya ndani inasukuma kila mahali kwa presha ileile, lakini mishono hiyo haibebi mzigo sawa. Ule ulionyooka unabeba mara mbili.

Ukimuuliza mtu tangi la namna hii litaachia wapi, wengi wataonyesha kifuniko, wakidhani kitafyatuka kama kizibo cha chupa. Soseji inasema vingine. Ikizidiwa na joto kwenye kikaango hupasuka kwa urefu wake. Huioni ikikatika katikati.

Sababu inaonekana tukichukua tangi lenyewe na kulipima. Tuseme kipenyo chake ni milimita 400, mwili una urefu wa milimita 1,200, bati lina unene wa milimita 3, na geji inasoma baa 8. Baa 1 ni sawa na nguvu ya niutoni 0.1 juu ya kila milimita moja ya mraba, kwa hiyo baa 8 ni niutoni 0.8.

Sasa lipasue tangi hilo kichwani mwako kwa urefu, kama mtu anayepasua papai. Hewa inataka kuzitenganisha nusu mbili, na eneo inalosukumia ni kipenyo mara urefu: 400 kwa 1,200. Ukizidisha kwa 0.8 unapata niutoni 384,000, yaani uzito wa tani 39 hivi. Kinachozuia nusu hizo zisiachane ni kingo mbili za bati, kila moja na upana wa milimita 3 na urefu wa milimita 1,200. Gawa nguvu ile kwa eneo la kingo hizo, na kila milimita ya mraba ya chuma inavutwa kwa niutoni 53. Huu ndio mkazo wa mzunguko, kwa sababu unalivuta bati kufuata duara lake, kama pete inayotanuliwa.

Likate tena, safari hii kwa kukingama, kama unavyokata kipande cha muhogo. Hewa inasukuma kifuniko chenye umbo la duara, na nguvu yote inafika niutoni 100,500, kama tani 10. Inayozuia ni pete nzima ya bati, yenye mzunguko wa milimita 1,257 na unene wa milimita 3. Kila milimita ya mraba inavutwa kwa niutoni 27 tu. Huu ni mkazo wa urefu, nao ni nusu kamili ya ule wa kwanza. Ukibadilisha kipenyo, presha au unene, uwiano wa mbili kwa moja unabaki palepale, maadamu ukuta ni mwembamba, yaani unene wake hauzidi sehemu ya kumi ya nusu kipenyo. Ukuta ukiwa mnene kuliko hapo, upande wa ndani hubeba zaidi ya upande wa nje, na hesabu hii nyepesi haitoshi.

Mafundi wa boila za zamani, kabla ya kulehemu kuenea, waliliheshimu jambo hili kwa ribiti. Mshono wa kuzunguka waliupigia safu moja, na ule wa urefu safu mbili au tatu. Hata hivyo boila ziliendelea kulipuka. Mnamo Machi 20, 1905, boila ya kiwanda cha viatu cha Grover mjini Brockton, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, ilipasuka na kuua watu 58. Ufa ulikuwa umejificha pale mabati yalipolazwa moja juu ya jingine. Majanga ya aina hiyo ndiyo yaliyoisukuma jumuiya ya wahandisi wa mitambo ya Marekani kutoa kanuni zake za kwanza za boila, toleo la 1914.

Kanuni hizo, ambazo zimekuwa zikirekebishwa tangu wakati huo, zinaanzia kwenye mkazo wa mzunguko na kuugeuza uwe swali: kwa presha hii, bati liwe nene kiasi gani? Kwa ufupi, hesabu yake ni hii:

```
t = p × r / (S × E)
```

Hapa `t` ni unene, `p` ni presha na `r` ni nusu kipenyo. `S` ni mkazo tunaouruhusu chuma kibebe. Chuma cha kawaida hukatika kwenye niutoni 400 hivi kwa milimita ya mraba, na kanuni inaruhusu sehemu moja tu ya tatu na nusu ya hapo, yaani 114. `E` ni imani yetu kwa mshono. Mshono uliolehemiwa pande zote mbili lakini haukupigwa picha ya eksirei hupewa 0.7, kwa kuwa hakuna aliyeona kilichomo ndani yake.

Kwa tangi letu, 0.8 mara 200 ni 160. Gawa kwa 114 mara 0.7, jibu ni milimita 2. Mtengenezaji makini anaongeza milimita 1 ya kuliwa na kutu, ndiyo maana bati likawa la milimita 3. Milimita hiyo ya tatu ndiyo umri wa tangi.

Na kutu hailiki kote sawa. Hewa iliyobanwa hutema maji inapopoa, na maji hayo hukaa chini ya tumbo la tangi. Kwenye miji ya pwani yenye unyevu mwingi, kama Mombasa au Tanga, hujikusanya haraka zaidi. Kwa nje rangi inang'aa, ndani kuna vishimo. Hapo ndipo hufanyika kosa ninaloliogopa kuliko yote: tundu dogo linatokea, hewa inavuja, na tangi linapelekwa kuchomelewa kiraka. Tundu limetoboka kwa sababu bati lote la hapo limekonda. Kiraka hakiongezi unene wa bati linalokizunguka, na moto wa kulehemu unalidhoofisha zaidi.

Unene uliobaki hupimwa kwa nje, kwa kifaa kinachotuma mawimbi ya sauti ndani ya chuma. Nguvu ya tangi hujaribiwa kwa maji, kwa presha iliyozidi ile ya kazi kwa asilimia 30. Kwa baa 8 zetu ni baa 10.4. Hutumika maji kwa kuwa hayabaniki: tangi likiachia, presha inaanguka papo hapo. Hewa haifanyi hivyo. Tangi letu la lita 150 lina hewa ambayo ikiachiwa ingejaza lita 1,350, na yote hutoka kwa mkupuo mmoja.

Basi wewe mwenye kompresa, kila jioni shusha presha, kisha fungua koki ya chini ya tangi mpaka maji yaishe. Na siku likitoboka, usilichomelee. Liondoe kazini.