Fahamu: Skrini inayohesabu wasomaji

Vyumba vingi vya habari mtandaoni hutumia Chartbeat, skrini inayoonyesha ni watu wangapi wamefungua kila habari sasa hivi. Tovuti ya Gawker ya New York ilitundika ubao wa aina hiyo ukutani, habari zikipanda na kushuka mbele ya waandishi. Lakini kubofya huhesabiwa kabla mtu hajasoma. Mwaka 2014 mkuu wa Chartbeat, Tony Haile, alieleza kuwa asilimia 55 ya wageni hukaa kwenye ukurasa chini ya sekunde 15.

Kwenye skrini hiyo habari yenye wasomaji wachache, kama ya zabuni ya maji iliyomgharimu mwandishi wiki tatu za kupekua nyaraka, huonekana imeshindwa kufikia mchana. Huenda msomaji mmoja ni mkaguzi atakayeisimamisha zabuni. Skrini inamhesabu mmoja.