Waranti ya Miwani: Mikwaruzo, Kuvunjika na Lenzi Kutengenezwa Upya

Waranti ya miwani hubeba ahadi tatu katika karatasi moja, na kila ahadi ina muda wake. Ya kwanza inahusu kuona kwenyewe: macho yakizikataa lenzi mpya, duka hutengeneza nyingine bila malipo, ila ndani ya wiki chache tangu miwani ichukuliwe. Ya pili inahusu uso wa lenzi, yaani mikwaruzo na tabaka zilizopakwa juu yake, na mara nyingi hudumu mwaka mmoja au miwili. Ya tatu inahusu fremu, nayo kwa kawaida ni ya mwaka mmoja. Masharti hutofautiana kati ya duka na duka, hivyo kinachohesabika ni kile kilichoandikwa kwenye risiti au kadi ya waranti. Kati ya hizo tatu, ile fupi ndiyo yenye thamani kubwa kwa mnunuzi, na ndiyo inayopotea kirahisi zaidi, kwa sababu watu wengi huvumilia miwani isiyowafaa wakidhani macho yatazoea, mpaka muda unapita.

Muda wa kutengenezewa lenzi upya huwa siku 30 katika maduka mengi, na mengine hufika 60 au 90. Ndani yake kuna hali tatu zinazofanana kwa mvaaji, kwani zote humletea ukungu, kizunguzungu au kichwa kuuma, lakini chanzo chake si kimoja. Hali ya kwanza ni lenzi kutolingana na cheti cha macho. Hili hugunduliwa kwa dakika chache: lenzi huwekwa kwenye lensomita, mashine inayosoma namba ya lenzi, na namba hiyo hulinganishwa na ile ya cheti. Zikiachana kupita kiasi kinachokubalika, kosa ni la duka au la maabara iliyozisaga, na duka linawajibika kulirekebisha hata kama kadi ya waranti haisemi neno.

Hali ya pili ni cheti chenyewe kukosea. Lensomita inaonyesha namba sahihi kwa mujibu wa cheti, lakini mtu bado haoni vizuri. Hapo hurudi kwa aliyempima, naye akibadili namba huandika cheti kipya, na kwa cheti hicho duka hutengeneza lenzi nyingine. Bila cheti kipya duka huwa halina msingi wa kubadili chochote.

Kabla ya kuitumia nafasi hii kuna jambo la kuangalia. Mtu mwenye kisukari ambaye sukari yake inapanda na kushuka hubadilika namba pamoja na sukari hiyo. Aliyepimwa macho sukari ikiwa juu, kisha akaanza dawa, anaweza kukuta baada ya wiki mbili miwani haimfai tena, ingawa aliyempima hakukosea. Kwa kuwa maduka mengi hutoa lenzi za bure mara moja tu kwa miwani moja, ni heri sukari itulie kwanza ndipo apimwe, asije akaimaliza nafasi yake kwa namba itakayobadilika tena.

Hali ya tatu ndiyo yenye mabishano mengi: lenzi za progresivu zinazokataa kuzoeleka. Hizi ni lenzi zisizo na mstari, zenye namba ya mbali juu, ya karibu chini, na njia nyembamba inayobadilika polepole kati yake. Pembeni mwa njia hiyo picha hupinda kidogo, na hiyo ndiyo hali yake hata ikiwa imetengenezwa vizuri. Mvaaji mpya hupewa kama wiki mbili za kuzoea. Hata hivyo, kuna usumbufu unaotokana na ugeni wa lenzi na kuna usumbufu unaotokana na vipimo vibaya, na dalili zake zinatofautiana.

Mfano ni wa mwalimu wa miaka 48 aliyenunua progresivu zake za kwanza. Ubao anauona vizuri, ila akitaka kusoma daftari inambidi ainue kidevu juu, na baada ya somo moja shingo inamuuma. Kwa bahati anaisukuma miwani juu kwa kidole, na maandishi yanasomeka papo hapo. Kitendo hicho kidogo ndicho kinachotoa jibu: sehemu ya kusomea ipo, lakini imekaa chini mno. Fundi anaweza kulithibitisha bila kubahatisha. Kila lenzi ya progresivu huwa na alama mbili ndogo zilizochongwa kwa leza, zilizoachana milimita 34, ambazo huonekana lenzi ikiinamishwa kwenye mwanga. Fundi huzitia nukta kwa kalamu ya wino, huiweka lenzi juu ya chati ya mtengenezaji, kisha huchora msalaba mahali ambapo katikati ya mboni inapaswa kuwa. Mwalimu anavaa miwani, anatazama mbele, na msalaba unaonekana umeshuka milimita tatu chini ya mboni.

Hatua inayofuata si kuagiza lenzi mpya mara moja. Ikiwa fremu ni ya chuma yenye vile vipande laini vya puani, fundi huvisogeza karibu zaidi na fremu hupanda. Kwa njia hiyo milimita moja au mbili hupatikana palepale. Fremu ya plastiki isiyo na vipande hivyo haisogei namna hiyo, na hata yenye navyo huenda isitoshe kwa milimita tatu. Hapo lenzi huagizwa upya kwa kipimo sahihi cha kimo. Kosa likiwa la upande wa pili, yaani msalaba umepanda juu ya mboni, mvaaji hulalamika kwamba mbali kuna ukungu mpaka ainamishe kidevu. Mtu anayeweza kueleza kichwa chake kinakwenda upande gani humsaidia fundi kuliko anayesema tu kwamba miwani ni mbaya.

Vipimo vikionekana sawa na mvaaji bado hazoei, waranti nyingi huruhusu kurudi kwenye lenzi za kawaida au zile zenye mstari. Duka huzitengeneza bure, lakini tofauti ya bei kwa kawaida hairudishwi. Mambo mawili hubaki nje karibu kila mahali: kubadili fremu kwa sababu mtu ameichoka, na kutengenezewa mara ya pili na ya tatu. Lenzi mpya huwekwa kwenye fremu ileile.

Baada ya hapo waranti inahamia kwenye uso wa lenzi. Lenzi nyingi za leo ni za plastiki, na plastiki ni laini, kwa hiyo hupakwa tabaka gumu lenye unene wa maikromita chache tu, na juu yake tabaka jembamba zaidi la kuzuia mng'ao. Waranti ya mikwaruzo ni waranti ya tabaka hizo, na mara nyingi ipo pale tu ambapo mteja alizilipia. Inachoahidi ni kwamba tabaka halitabanduka wala kuchakaa mapema kwa matumizi ya kawaida. Haiahidi kwamba lenzi haikwaruziki. Mchanga una chembe za kwatzi, ambazo ni ngumu kuliko tabaka lolote la miwani, na anayefuta vumbi kwa ncha ya kanga au shati kavu anazisugua chembe hizo juu ya lenzi. Lenzi huoshwa kwanza kwa maji na tone la sabuni ya vyombo, ndipo ikafutwa kwa kitambaa laini.

Fundi anapopokea lenzi yenye mikwaruzo husoma sura yake chini ya taa. Mistari mingi myembamba iliyoenea ni ya kufutwa siku hadi siku, na waranti nyingi huikubali, kwa kawaida mara moja kwa kila jozi. Mfereji mmoja mzito unaonasa ukucha unaonyesha miwani iliangukia sakafu, na huo mara nyingi hukataliwa. Tabaka linalobanduka vipande kama ganda kuanzia ukingoni huashiria halikushika vizuri, nalo hukubaliwa. Sura ya nne huwashangaza wengi: nyufa ndogo zilizosambaa kama utando wa buibui ndani ya tabaka, ilhali uso ni laini ukiguswa. Hizo ni za joto. Plastiki hutanuka zaidi kuliko tabaka lililo juu yake, basi miwani iliyoachwa juu ya dashibodi ya gari juani hutanuka mpaka tabaka likapasuka. Duka likitambua ni joto hukataa, ingawa nyufa za namna hiyo zinaweza pia kutokea dukani, fremu inapopashwa moto kupita kiasi lenzi zikiwa ndani. Zikionekana siku miwani inapokabidhiwa, mzigo ni wa duka, na hiyo ndiyo sababu ya kuitazama miwani kwenye mwanga kabla ya kutoka.

Lenzi ya kubadilishia hutengenezwa kwa namba ileile. Kama macho yamebadilika, maduka mengine hukubali cheti kipya na mengine hukataa.

Kwa fremu, swali linaloulizwa ni kama imeharibika yenyewe au imeharibiwa. Chuma kilichoachia kwenye kiungo cha kulehemu bila mkono kupinda, bawaba ya springi iliyolegea baada ya miezi mitatu, au rangi inayobanduka huhesabiwa kasoro za kiwanda. Mkono uliopinda na bawaba iliyochanika husimulia kukaliwa au kukanyagwa, na hizo hazilipiwi. Kwa miwani isiyo na ukingo, ambayo lenzi zake hutobolewa na kufungwa kwa skrubu, ufa unaoanzia kwenye tundu unastahili kuhojiwa: plastiki ya kawaida hupasuka hapo kirahisi, wakati polikaboneti huhimili, na uchaguzi wa lenzi ulikuwa wa duka.

Kipengele kinachowaumiza wengi ni kwamba waranti ya fremu haibebi lenzi. Lenzi hukatwa kwa umbo la fremu moja. Mtengenezaji akiwa bado ana modeli ileile, lenzi za zamani huhamishwa na mteja halipi. Modeli ikiwa imekoma, mteja hupewa fremu nyingine inayofanana, ambayo lenzi zake huenda zisiiingie, na hapo bei ya lenzi mpya humwangukia yeye. Lenzi kubwa kwa umbo zinaweza kukatwa tena ziingie fremu ndogo, mradi kitovu chake kibaki mbele ya mboni. Aliyeleta fremu yake ya zamani iwekwe lenzi mpya huwa hana waranti ya fremu kabisa, na maduka mengi humwambia aikubali hatari ya kuvunjika mezani kwa fundi.

Ajali, kama kuangusha na kukalia, hulindwa na mpango wa ziada unaonunuliwa pamoja na miwani. Mteja hulipa sehemu ya bei, hutumia nafasi mara moja ndani ya mwaka, na hutakiwa kurudisha vipande vilivyovunjika. Sharti hilo la vipande ndilo linalofanya miwani iliyopotea au kuibiwa isiingie humo.